Karatasi ya Mazoezi: Vigawanyo, Njia za Nukta na Eneo la Kutiwa Kivuli

Muda: dakika 60. Vifaa: bikari, rula, penseli iliyochongwa vizuri. Kipimapembe kiache kwenye begi mpaka sehemu ya kukagua.

Usifute matao. Mstari usio na matao nitauhesabu kuwa umepimwa kwa rula, na hautapata alama hata ukiwa mahali pake.

Katika karatasi hii, kigawanyo cha AB ni mstari unaoikata AB katikati kwa pembe mraba. Kila nukta iliyo juu yake ina umbali sawa kutoka A na kutoka B. Kigawanyo cha pembe ni njia ya nukta zilizo umbali sawa kutoka mikono miwili ya pembe hiyo.

Swali la 1
Chora pembetatu ABC yenye AB = sm 10, AC = sm 8 na BC = sm 6. AB iwe chini, imelala.
(a) Chora kigawanyo cha AB. Kinapoikata AB andika M, kinapoikata AC andika D.
(b) Chora kigawanyo cha pembe A. Kinapoikata BC andika E.

Swali la 2
Kwenye mchoro uleule, tia kivuli eneo la nukta zote zilizo ndani ya pembetatu na zinazotimiza masharti haya matatu kwa pamoja:
karibu zaidi na A kuliko B;
karibu zaidi na mstari AB kuliko mstari AC;
umbali usiopungua sm 3 kutoka A.
Mpaka usiohesabiwa uchore kwa vikato, unaohesabiwa uchore kwa mstari kamili.

Swali la 3
Wanafunzi wawili walichora kigawanyo cha mstari AB wa sm 10, bikari ikiwa imepanuliwa sm 6. Wa kwanza alipata AM = sm 4.8 na pembe ya nyuzi 90. Wa pili alipata AM = sm 4.9 na pembe ya nyuzi 88.5. Bikari ya kila mmoja ilifanya nini?

Swali la 4
Mbuzi amefungwa kwa kamba ya m 5 kwenye kona ya nje ya banda la mstatili, urefu m 4 na upana m 3. Kwa skeli ya sm 1 kwa m 1, chora eneo analoweza kufika.

Kukagua (badilishaneni karatasi)

Kosa linalokubalika ni mm 1 kwa urefu na nyuzi 1 kwa pembe.

Swali la 1. Anza na pembe C: iwe nyuzi 90. Ikikataa, pembetatu yenyewe ina kasoro na hakuna haja ya kuendelea kupima, rudisha karatasi. Kisha AM = sm 5.0, AD = sm 6.25, pembe ya M nyuzi 90. Pembe A ni karibu nyuzi 36.9, kwa hiyo kila nusu ni 18.4. CE ni karibu sm 2.7. Anayedhani E ni katikati ya BC amechanganya vigawanyo viwili.

Swali la 2. Kivuli kina pande nne, moja ikiwa tao. Upande ulio juu ya AB ni sm 2.0, wa kigawanyo cha AB karibu sm 1.7, wa kigawanyo cha pembe karibu sm 2.3. Vigawanyo vyote viwili ni vikato. Tao ni mstari kamili, kwa sababu sm 3 yenyewe inaruhusiwa. Ukiwa na shaka, weka nukta moja katikati ya kivuli, pima umbali wake hadi A, B, AB na AC. Umbali hadi AC unapimwa kwa pembe mraba. Wengi hupima hadi C, na hapo ndipo kivuli huhamia juu ya kigawanyo.

Swali la 3. Wa kwanza: bikari ilipanuka hadi karibu sm 6.3 kabla ya kuhamia B, kwa hiyo matao yote mawili ya B ni makubwa. Mstari umesogea kuelekea A bila kuinama, na kipimapembe pekee kisingemkamata. Wa pili: tao moja tu la B ndilo lililopanuka, hivyo mstari umeinama. Rula pekee ingempitisha. Ndiyo maana M inapimwa mara mbili, urefu na pembe.

Swali la 4. Robo tatu ya duara la m 5 kuzunguka kona ya kamba, robo ya duara la m 1 mwishoni mwa ukuta wa m 4, na robo ya duara la m 2 mwishoni mwa ukuta wa m 3. Aliyechora duara zima amempitisha mbuzi ukutani.