Laivu ya Madera, Alhamisi Saa 2 Usiku

Asalaam alaykum mashoga zangu! Kesho naingia laivu. Tazameni dera hili: pamba laini, halichuji. Nimelifua mwenyewe mara 3 kabla ya kuwaletea, maana aliyewahi kuvaa dera lililotoa rangi harusini anajua uchungu wake. M na L 18,000, XL 20,000. XXL yapo 4 tu, 22,000. Abaya, urefu 54 hadi 60, 45,000.

Ukilipenda andika namba ya dera na saizi. Nikikujibu "lako", nakutumia namba ya kulipia. Lipa kwa simu ndani ya nusu saa, nitumie risiti inboksi.

Maelezo ya posti: Madera mapya! Mjini bodaboda 3,000. Pemba kwa boti 5,000, unapokea Mkoani. Saizi isipokutosha nabadilisha, kama hujalivaa.