Mama yangu amefika chuo

Picha hii ametupiga mlinzi wa getini, Mungu ambariki. Aliyebeba ndoo ya bluu ni mimi. Aliyejitanda kanga na kutazama pembeni ni mke wangu, hakutaka macho yake yaonekane. Huyo wa katikati, aliyekumbatia faili la vyeti, ndiye Mwanaisha wetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Udaktari wa Mifugo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Miaka mitano. Alhamdulillah.

Wanaotujua wanajua kwa nini namwita mama. Jina ni la marehemu mama yangu, na tangu alipozaliwa sijawahi kumwita vinginevyo.

Muheza tumeondoka alfajiri. Hale, Segera, Kabuku, hadithi zote ni za kwake: marafiki wa JKT, bumu litaingia lini, atapangiwa bweni na nani. Tulipopita Chalinze na milima ya Uluguru ikaanza kuonekana, akanyamaza. Akamlalia mama yake begani kama alivyokuwa akifanya utotoni tukienda Tanga hospitali. Hakuna aliyesema neno mpaka stendi.

Safari hii kwangu haikuanzia kwenye matokeo ya kidato cha sita. Ilianzia zizini, akiwa darasa la tatu. Ndama wetu alipata homa, tezi zikamvimba chini ya masikio, akawa anahema kwa shida. Bwana mifugo alifika tumeshachelewa. Wakubwa tulisimama tunasikitika, huyu mtoto akachuchumaa na kuuliza: "Ni nini kimemuua?" Yule bwana, simsahau, hakumfukuza. Alimshika mkono, akamgusisha zile tezi, akamwambia hii ni ndigana kali, inaletwa na kupe. Tangu siku hiyo siku ya kuogesha ng'ombe haikupita hivihivi nyumbani kwangu. Hata alipokuwa bweni, akipata simu ya matroni, swali la kwanza ni afya yetu, la pili ni dawa ya kupe.

Nina jambo jingine la moyoni. Mwaka 1984 nilikuwa darasa la nne Sokoine alipofariki kwa ajali kule Morogoro. Nakumbuka mwalimu wetu alishindwa kumaliza kututangazia. Chuo hiki kilianzishwa mwaka huohuo na kupewa jina lake. Leo nimesimama chini ya jina lile na mwanangu, mtoto wa mkulima wa machungwa. Ada ya kuanzia tumeipata kwa kuuza msimu mzima yakiwa bado mtini, na sijutii hata tunda moja.

Usajili ulichukua saa nyingi, foleni ndefu, kontroo namba, mihuri. Haidhuru. Bwenini mama yake alitandika kitanda mara mbili. Mara ya kwanza kilikuwa kimekaa vizuri tu. Mara ya pili nadhani alikuwa anatafuta namna ya kuchelewa. Nilipompa mkono kuaga, mwanangu akaubusu kama alivyombusu bibi yake mkono siku ya mwisho, akasema, "Baba, nisamehe nilipokukosea." Nimekusamehe, mama. Sina hata cha kusamehe. Radhi zangu zote unazo.

Tulidhani tumezoea. Miaka miwili ya bweni, halafu miezi ya JKT. Lakini zamani alikuwa anaondoka na tranka, vitu vyake vingine vinabaki: kitabu juu ya friji, ndala mlangoni, mtandio kwenye kamba. Safari hii kafungasha kila kitu. Kaka zake wawili wana miji yao siku nyingi, yeye ndiye kitinda mimba. Tumerudi usiku, mke wangu kawasha taa ya chumba chake, kaizima, kaenda kulala bila kula. Asubuhi kakoroga uji wa watu watatu. Sikusema kitu, nikanywa vikombe viwili.

Majirani, walimu wake wote, shangazi zake wa Pongwe mliochanga shuka na neti, yule bwana mifugo popote alipo: asanteni sana. Mlio Morogoro, mkimwona mjini, mtizameni kama wenu.

Leo jioni amepiga. Kala, kapata rafiki wa Singida, kaonyeshwa hospitali ya wanyama iliyo palepale chuoni, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia siku nyingi. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama uani ili mama yake asikie pia. Kabla hajakata akaniambia, "Baba, kesho Jumamosi."

Bomba la dawa nimeshalitoa stoo.