Orodha ya kuhamisha vitu maji ya Msimbazi yakipanda: kaya za bondeni, Hananasif

Ibandike nyuma ya mlango wa chumba, siyo sebuleni kwa mwenye nyumba peke yake. Nyumba nyingi huku bondeni zina wapangaji watano au sita, na maji yakija usiku kila chumba kinajitegemea. Mpangilio wa orodha hii usibadilishwe siku ya tukio. Ukiona kitu cha kwako kimewekwa mahali pasipofaa, njoo tuzungumze sasa kabla ya masika, kwa mjumbe wako.

Kanuni tuliyofuata ni hii: kwanza kinachotoka ni kile ambacho duka lolote halikiuzi, kisha kile utakachokula na kunywa siku tatu za mwanzo, kisha kinachokuingizia pesa. Vya thamani kubwa ya dukani ndivyo vya mwisho. Tunajua watu watanuna kuhusu TV.

Lini uanze

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari kwa rangi. Msingoje nyekundu.

Njano (angalizo): andaa ndoo ya karatasi na ndoo ya chakula, chaji simu, nunua dawa zinazokaribia kuisha. Mwombe ndugu au rafiki aliye juu Kinondoni akupe kona ya kuwekea vitu, na mkubaliane kabisa ni vitu gani.

Machungwa (tahadhari): mizigo ya kwanza na ya pili itoke siku hiyohiyo, mchana. Watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa walale juu.

Nyekundu (tahadhari kubwa): hakuna anayelala bondeni. Kama mzigo wa tatu bado haujatoka, utatoka ikiwa ni mchana na njia ni kavu. Vinginevyo uache.

Mambo mawili ya kwetu ambayo redio haiyasemi. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mvua ikinyesha huko maji yanaweza kutufikia hapa pakiwa pakavu na jua linawaka. Mtu akipiga simu kutoka juu ya mto kusema mto umejaa, hiyo ni tahadhari sawa na ya redioni. Pili, angalieni bamvua. Bahari ikijaa pale Salenda, mto haupati pa kumwagia na maji yanarudi nyuma kwetu. Mvua kubwa ikiangukia siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, panda rangi moja: njano ihesabu kuwa machungwa.

Kabla ya kubeba chochote

☐ Watu kwanza. Kila mtoto akabidhiwe mtu mzima mmoja kwa jina. "Yuko na wenzake" siyo jibu.
☐ Zima umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba, ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshafika chini ya swichi, usiiguse, ondoka.
☐ Funga gesi, fungua regyuleta. Mtungi uliolegea huelea na kugonga.
☐ Vaa viatu vilivyofunika kidole. Maji ya hapa yanakuja na mabati, chupa na vya chooni.

Mzigo wa kwanza: karatasi, dawa, pesa

Huu unabebwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja, ndani ya dakika tano. Tumieni ndoo ya rangi ya lita 10 au 20 yenye mfuniko wa kubana. Inafungwa vizuri, na ikikuponyoka inaelea. Ndani yake kila fungu liwe kwenye nailoni nzito iliyokunjwa mdomo mara mbili.

☐ Mkataba wa mauziano ya nyumba au kiwanja, na leseni ya makazi kama unayo. Hii ndiyo karatasi ya juu kabisa. Nyumba nyingi za huku zilinunuliwa kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, mbele ya mjumbe na mashahidi, ambao baadhi yao wamekwishafariki. Haina nakala kwenye kompyuta ya ofisi yoyote. Kitambulisho cha NIDA kikizama utaomba kingine na namba yako ni ileile. Cheti cha kuzaliwa RITA wana kumbukumbu zake. Mkataba ule ukilowa ukawa uji, unabaki na maneno yako tu, dhidi ya maneno ya mwenye kudai mpaka. Walioondoka bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakapelekwa Mabwepande, wengi walitoka na nguo za mwilini.
☐ Mkataba wa pango na risiti ya kodi uliyolipa mbele. Wapangaji, hiyo miezi iliyobaki ni pesa yenu.
☐ Vyeti vya shule, vya chuo, vya ndoa, vya kuzaliwa. NIDA, pasipoti, kadi ya mpiga kura, kadi ya pikipiki au bajaji.
☐ Kadi za kliniki za watoto na wajawazito, kadi ya bima, kadi ya CTC. Kadi ikiwepo, kituo chochote cha juu kitajua ulipoishia.
☐ Dawa za kila siku za wiki mbili: za presha, sukari, kifua kikuu, pumu, ARV. Insulini iwekwe kwenye chupa ya chai iliyopozwa, isigusane na barafu.
☐ Pesa taslimu, simu, chaja, miwani, funguo.

Picha za karatasi zote zipigwe leo, mchana, karatasi ikiwa imelala mezani, na zitumwe kwa ndugu asiyeishi bondeni. Kuziacha kwenye simu yako pekee hakusaidii, maana simu nayo huzama.

Wenye kumbukumbu za watu wengine wana ndoo ya pili. Katibu wa VICOBA atoke na madaftari ya hisa na mikopo. Sanduku lenye kufuli tatu libebwe na mweka hazina, na wenye funguo wasitembee kundi moja naye. Mwenye duka atoke na daftari la madeni. Mjumbe atoke na daftari la wakazi, kwa sababu ndilo tutakalolisoma pale juu kujua nani hajafika. Madrasa na kanisa: vitabu vya usajili vipande leo hadi ofisini juu, msisubiri rangi yoyote.

Mzigo wa pili: maji na chakula cha siku tatu

Maji ya kunywa yanatangulia chakula. Mafuriko yanachanganya visima, mabomba yaliyopasuka na vyoo vya shimo, na kipindupindu ndicho kinachofuata.

☐ Dumu mbili za lita 20, zimejazwa wakati maji bado yanatoka bombani, kwa kaya ya watu wanne. Ongeza vidonge vya kutibu maji.
☐ Kisicho na haja ya moto: mkate, tende, karanga, biskuti, ndizi mbivu. Usiku wa kwanza hakuna atakayewasha jiko.
☐ Cha mtoto mchanga, pamoja na kikombe na kijiko.
☐ Unga, mchele, maharage, dagaa, sukari, chumvi na mafuta, vikiwa kwenye ndoo zenye mfuniko. Kiroba cha kilo 25 kigawe ndoo mbili: mama mmoja hawezi kupanda nacho kilima kwenye tope, na kiroba kikiguswa na maji chini, chote kimekwenda.
☐ Sufuria moja, kisu, kiberiti ndani ya chupa kavu, mkaa kidogo.
☐ Sabuni, pedi, nepi.
☐ Kuku kwenye tenga, mbuzi kwa kamba. Wapelekwe mapema, mchana. Mtu akirudia mbuzi saa nane za usiku, huyo tunamhesabu ni hatari kwetu sote.

Kilichobaki kwenye friji, pikeni mle kabla hamjaondoka.

Mzigo wa tatu: kinachokulisha

Hapa kila kaya ina lake, nasi hatuwezi kuwaandikia yote. Fundi cherehani: kichwa hufunguka, beba kichwa na mota, acha meza. Kinyozi: mashine na chaja. Fundi simu: boksi la vifaa, na simu za wateja ziwe zimeandikwa majina. Mama lishe: majiko, sufuria kubwa, ndoo za kunawia. Pikipiki na bajaji zipande juu rangi ikiwa bado ni njano, na bodaboda wote mnajua kwa nini: uchochoro ukishajaa maji, haupitiki.

Sare na madaftari ya shule ya watoto yaingie hapa. Watoto wa darasa la saba na kidato cha nne watangulie.

Mzigo wa nne, kama kuna muda na guta

TV, redio, godoro, nguo, friji, makochi, kwa mpangilio huo. Guta na kirikuu hupanda bei mvua ikianza, kwa hiyo majirani watatu au wanne mchange moja, asubuhi ya rangi ya machungwa.

Kisichotoka kipandishwe: godoro na nguo juu ya kenchi, friji juu ya tofali, likiwa limechomolewa. Msipandishe karatasi kwenye kenchi mkaziacha. Maji yakifika huko hakuna wa kuzifuata.

Mahali pa kuacha kubeba

Maji yakivuka kizingiti cha mlango, orodha hii imekwisha, hata kama uko mzigo wa kwanza. Maji yanayokwenda kasi ya kufika nusu ya ugoko tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na huku kuna mashimo ya vyoo usiyoyaona. Pandeni kuelekea Kinondoni. Msishuke Mkwajuni kutafuta njia ya Magomeni. Barabara ya Kawawa hukatika palepale. Aliyenaswa ndani apande juu, apunge kitambaa au amulike tochi, na wenzake wapige 114 Zimamoto au 112 Polisi.

Fika kwa mjumbe uandikwe jina kabla ya kwenda kulala kwa ndugu. Mwaka huu msitufanye tumtafute kwenye maji mtu aliyelala Sinza.

Ukirudi

☐ Piga picha uharibifu kabla ya kuosha.
☐ Usiwashe umeme mpaka fundi aangalie nyaya na soketi zilizolowa.
☐ Chakula chochote kilichoguswa na maji hayo kitupwe, hata kama kinanukia vizuri: unga, mchele, vitunguu, matunda. Kopo lisilotoboka wala kubonyea lioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini.
☐ Karatasi zilizolowa usizibandue kwa nguvu wala kuzipiga pasi. Zitandaze kivulini, katikati ya kila moja weka karatasi nyeupe ya kunyonya maji. Zikiwa nyingi, zitie kwenye nailoni, ziweke kwenye friza ya mtu aliye juu, kisha uzikaushe chache chache. Zikiganda hazioti ukungu.
☐ Ndoo ya karatasi isifunguliwe na kutawanywa nyumbani mpaka masika yaishe.