Malaika – Fadhili William | Kava ya gitaa kavu na sauti (kodi za C, kapo 2)

"Malaika" ya Fadhili William, tumeipiga upya kwa gitaa moja kavu na sauti mbili. Hii ni kava: sauti na gitaa ni zetu, wimbo si wetu.

Rekodi iliyoutangaza kwanza ni ya Fadhili William na Jambo Boys, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim naye hutajwa kuwa mtunzi, na ubishi huo haujaisha, kwa hiyo tunaandika majina yote mawili. Kama uliujua kwa Miriam Makeba na Harry Belafonte (1965), Boney M. (1981) au Angélique Kidjo (1991), ni wimbo huu huu, ila hao ni waimbaji waliourudia. Kabla ya kusikiliza ya kwetu, tafuta ya Fadhili kwanza. Tuliyapunguza madoido kwa makusudi baada ya kuisikiliza tena ile.

0:00 Gitaa peke yake
0:22 Beti la kwanza
1:14 Beti la pili, sauti ya pili inaingia
2:05 Gitaa katikati
2:38 Beti la mwisho
3:31 Vidole kwa karibu, polepole

KWA WANAOTAKA KUIPIGA
Kodi ni tatu tu: C, F na G. Kapo iko kipingo cha 2, kwa hiyo inasikika D. Mwenye sauti nzito aitoe kapo kabisa. Mwendo ni mapigo 84 kwa dakika. Ukivuka 95 maneno yanaanza kumezwa.

Mkono wa kulia ni vidole viwili, gumba kwenye besi na cha shahada kwenye melodi. Panapowashinda wengi ni F. Ukiibana kwa kidole kizima, mkono unachoka na besi inakufa katikati ya mstari. Shika F ndogo ya nyuzi nne za chini, kisha pitisha gumba la kushoto juu ya shingo likandamize uzi wa 6, kipingo cha 1 kuanzia kwenye kapo. Tazama 3:31, hapo kamera iko karibu.

Nyuzi zikilia nje baada ya kufunga kapo, usikimbilie kuzungusha vifunguo. Ifungue, isogeze karibu zaidi na chuma cha kipingo, ifunge tena. Mara nyingi ndiyo iliyovuta nyuzi pembeni.

HAKI
Hakuna kipande cha rekodi yoyote ya zamani humu. Haki za utunzi ni za wenyewe. Wakidai mapato ya matangazo ya video hii, hatupingi. Ukiipakia sehemu ya video hii kwingine, taja Fadhili William kabla ya kututaja sisi.

Gitaa, sauti zote na uchanganyaji: sisi wawili, sebuleni, Tanga. Maikrofoni moja, sentimita 30 kutoka kipingo cha 12. Kuku anayesikika 2:51 ni wa jirani.

#Malaika #FadhiliWilliam #GitaaKavu