Bakari na Rehema: ujumbe wa nje ya grupu la Kidato cha Nne 2009

*Jumamosi, 14 Juni 2025*

Bakari kwa Asha, saa 4:10 asubuhi
Asha, habari za nyumbani? Pole na kazi ya kukusanya rambirambi za mwalimu, umetusimamia vizuri. Nina ombi la pembeni. Namba ya Rehema naiona kwenye grupu, lakini aliiweka pale kwa ajili ya msiba, si kwa ajili yangu. Naomba umuulize kama hatajali nikimsalimu. Akikataa au akinyamaza, basi. Usimshawishi.

Asha
Sawa. Ila niambie ukweli, ni salamu tu?

Bakari
Naanza na salamu. Likiwepo zaidi atalisikia kwangu mwenyewe, tena akinipa nafasi.

*Jumapili, 15 Juni*

Asha
Kasema andika. Na kasema yasiingie kwenye grupu. Umenielewa, Bakari?

Bakari
Nimekuelewa. Ahsante dada.

*Jumatatu, 16 Juni*

Bakari kwa Rehema, saa 1:40 usiku
Asalaam aleikum Rehema. Ni Bakari wa 4B, niliyekuwa nakaa dirishani nyuma yako na Asha. Asha kaniambia umeridhia nikusalimu, nashukuru.

Tangu mwalimu wetu wa Jiografia afariki, nimekuwa nikiikumbuka safari ya mapango ya Amboni. Kule ndani kabisa, wenzetu walipoanza kupiga kelele kwa sababu ya popo, wewe uliniomba tochi ukatangulia mbele. Kesho yake ukanirudishia ikiwa na betri mpya. Sikukuambia ahsante, nilipokea nikaondoka. Ahsante, Rehema.

Mimi niko Morogoro, nauza na kufunga vifaa vya umwagiliaji wa matone. Sijui wewe uko wapi wala una majukumu gani, na sitaki kukuingilia. Ukipata nafasi nijulishe tu kama u mzima. Ukiona vyema kutojibu, sitaandika tena.

*Jumatano, 18 Juni*

Rehema, saa 4:25 usiku
Waaleikum salaam Bakari. Nimekujua kabla sijafika jina. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku mara mbili mfululizo. Mimi ni muuguzi, niko Dodoma.

Betri zile nilinunua kwa hela ya maandazi, kwa sababu niliziona zinafifia mkononi mwangu nikasema nimemmalizia mwenzangu tochi yake. Sikujua kama uliona.

Mwalimu alituambia yale mawe yanayoning'inia yanajengwa na tone moja moja la maji yenye chokaa, kwa maelfu ya miaka. Na wewe sasa unauza matone! Angefurahi.

Bakari, saa 4:50 usiku
Niliona. Naomba upumzike sasa, mtu akitoka zamu mbili hahitaji maswali. Usiku mwema.

*Ijumaa, 20 Juni*

Bakari, saa 12:15 jioni
Ijumaa njema Rehema. Nina swali moja, ujibu siku ukiwa na nafasi: wodini uko upande gani? Ulikuwa unasema utakuwa rubani.

*Jumapili, 22 Juni*

Rehema
Wodi ya wazazi. Marubani wangu wanatua saa tisa za usiku, wengine bila taarifa. Leo wametua wanne.

Na wewe ulikuwa unasema utakuwa hakimu. Nini kilitokea?

Bakari
Baba aliugua nikiwa kidato cha sita, nikarudi Muheza kusimamia shamba la michungwa. Maji ndiyo yalinisumbua kuliko kitu chochote. Nikaanza kujifunza mabomba ili nimwagilie kwetu, jirani akaniita, na jirani yake naye. Baba alipata nafuu, namshukuru Mungu, ila mimi sheria nilikuwa nimeshaiacha. Silalamiki. Nikiona mstari wa nyanya umesimama kijani wakati wa kiangazi, nalala vizuri.

Rehema
Nimesoma hii mara mbili. Usiku mwema Bakari.

*Alhamisi, 26 Juni*

Bakari, saa 2:05 usiku
Rehema, nadhani umeona kule kwenye grupu yule mwenzetu aliyeandika majina yetu mawili na vicheko. Mimi sijamwambia mtu chochote, na Asha kaniapia si yeye. Nadhani amekisia kwa kuona nimejibu ujumbe wako kuhusu picha ya Amboni. Nimempigia simu, nimemwomba aufute, na ameufuta. Kwenye grupu sikujibu kitu, maana kujibu kungezidisha. Samahani kwa usumbufu.

*(Siku kumi na sita bila ujumbe.)*

*Jumamosi, 12 Julai*

Rehema, saa 3:30 usiku
Bakari, nimekaa kimya kwa makusudi. Nilitaka nione kama utaniandikia "mbona kimya". Hukuandika. Samahani kwa kukupima, ila nina sababu zangu.

Niliolewa mwaka 2016, tukaachana 2021. Nina binti wa miaka saba, yuko kwangu. Yule bwana alikuwa mtu wa kuuliza uko wapi kila baada ya nusu saa. Mpaka leo simu ikilia mara mbili mfululizo, tumbo linanikaza.

Sasa naomba uniambie ukweli. Umenitafuta kwa salamu tu, au kuna jambo? Kama lipo, liseme. Kama halipo, tubaki watu tuliosoma pamoja, na hilo nalo ni jema.

Bakari, saa 3:58 usiku
Ahsante kwa kunieleza. Pole kwa uliyopitia. Naomba unipe mpaka kesho nikujibu vizuri, sitaki kuandika haraka.

*Jumapili, 13 Julai*

Bakari, saa 10:20 alasiri
Rehema, jambo lipo.

Nilikupenda tangu kidato cha tatu. Nilikuandikia barua, nikaikunja ndani ya daftari la Jiografia, nikakaa nayo mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Ulitoka chumba cha mtihani ukapanda daladala la Pongwe, nami nilikuwa ng'ambo ya barabara nikiliangalia likiondoka. Barua ile haipo tena, na sitaiandika upya, kwa sababu ilikuwa ya mtoto na aliyeandikiwa alikuwa mtoto.

Upande wangu: sijaoa. Mwaka 2018 nilimchumbia mtu, familia zikafika mbali, uchumba ukavunjika. Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Nilikuwa sisemi kitu kikiniuma, nikawa mtu wa kununa siku tatu. Ukitaka kunifahamu zaidi uliza, nitakujibu hata yasiyopendeza.

Sikuulizi chochote leo. Umesema niseme, nimesema.

*Jumatano, 16 Julai*

Rehema, saa 11:10 alfajiri
Nimetoka zamu, niko kwenye bajaji.

Kinachoniogopesha ni hiki. Unayemkumbuka ana miaka kumi na saba, ana tochi, haogopi popo. Mimi nina thelathini na tatu. Naogopa vitu vingi. Nimenenepa, nachoka, jioni nikirudi nasaidia hesabu za mtoto nikisinzia. Usije ukaniletea mapenzi ya yule msichana, mimi sina mahali pa kuyaweka.

Bakari, saa 1:30 usiku
Hofu hiyo ni ya haki. Mimi pia niliiogopa, ndiyo maana sikukupigia wala kukuomba picha.

Lakini nikwambie kilichonifanya niendelee. Yule msichana alinifanya nikuandikie mara ya kwanza. Mara ya pili nilimwandikia muuguzi aliyesema marubani wake wanatua saa tisa za usiku. Huyo sikuwahi kumjua shuleni. Nimemjua mwezi huu, na ndiye ninayetaka kumjua. Akiwa amechoka ni huyo huyo.

Rehema
Sawa. Twende polepole. Tena polepole ya kweli. Jumapili usiku, mtoto akilala, unaweza kunipigia. Mara moja kwa wiki. Siku nyingine ujumbe, na kila mtu anajibu akipata nafasi.

Bakari
Jumapili usiku. Saa ngapi ni nzuri kwako?

Rehema
Saa tatu na nusu. Nisipopokea, usirudie. Nitapiga mimi.

*Jumapili, 27 Julai*

Bakari, saa 5:02 usiku
Tumeongea saa nzima na dakika kumi. Ahsante. Nimesahau jambo moja: maonyesho ya Nanenane mwaka huu kitaifa ni hapo kwenu Nzuguni, na nitakuwepo siku nne kwenye banda la vifaa vya umwagiliaji. Nakuja kwa kazi, ningekuja hata kama usingekuwepo Dodoma. Ukipenda kuonana tuonane, ukiona bado mapema nitafanya kazi yangu nirudi Moro, na Jumapili nitapiga kama kawaida.

*Jumanne, 29 Julai*

Rehema
Nitakuja tarehe 7 mchana, pale pale kwenye maonyesho, nikiwa na mdogo wangu. Mtoto sitamleta. Si kwamba nakuficha, ila yeye akimzoea mtu, mtu huyo akiondoka ni mimi ninayebaki kujibu maswali. Sitaki mtu wa kuja kwake mpaka nijue anabaki.

Bakari
Ndivyo inavyotakiwa. Nitafurahi kumfahamu mdogo wako. Banda letu lina tangi la bluu mbele, mtaliona.

*Alhamisi, 7 Agosti*

Rehema, saa 2:40 usiku
Tumefika nyumbani salama. Mdogo wangu kasema una sauti ya upole ila unaongea sana ukifika kwenye mabomba.

Bakari
Amesema kweli.

Rehema
Nilipokuona nilitetemeka mikono, ndiyo maana nilishika chupa ya maji muda wote. Niliona umeona na hukusema kitu. Nilipenda hilo.

Bakari
Na mimi nilipenda ulivyomsimamisha yule mzee wa Kongwa ukamuuliza kidonda chake cha mguu kinasafishwaje. Nilikuwa namuuzia bomba tangu asubuhi, na kidonda sikukiona.

*Jumamosi, 9 Agosti*

Rehema, saa 12:30 asubuhi
Umeshapanda treni?

Bakari
Ndiyo, inaondoka sasa hivi.

Rehema
Nimewaza usiku kucha. Kwetu hakuna uchumba wa simu usio na mwisho, unajua. Lakini sitaki mtu apige hodi kwa wazee sasa hivi. Desemba nakwenda Pangani mtoto akifunga shule, na kaka yangu yupo. Nitamtaja jina lako tu, nione uso wake. Usinifuate huko. Kati ya sasa na Desemba tunaendelea vile vile, Jumapili saa tatu na nusu. Na ukiniudhi nitakuambia, nawe uniambie, hakuna kununa siku tatu.

Bakari
Sitanuna. Nimekubali yote. Pangani sitakuja mpaka niitwe.

Rehema
Na mama yako ukimwambia, mwambie nina mtoto. Mwanzo kabisa, kabla ya jina langu.

Bakari, saa 12:52 asubuhi
Alishajua tangu Julai. Aliniuliza mtoto anaitwa nani, nikamwambia sijaambiwa bado.

Rehema, saa 1:05 asubuhi
Mwambie anaitwa Nuru.