Barua ya Kutokubali Kotesheni ya Taa za Dagaa

Ushirika wa Wenye Mitumbwi ya Dagaa,
Mwalo wa Igombe,
Wilaya ya Ilemela,
MWANZA.

6 Agosti 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Sola,
Mtaa wa Rufiji,
MWANZA.

Ndugu Meneja,

YAH: KOTESHENI YENU YA SETI 32 ZA TAA ZA SOLA KWA UVUVI WA DAGAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunashukuru kwa kotesheni yenu ya tarehe 28 Julai 2025. Tunashukuru pia kwa kijana wenu wa mauzo aliyefika mwaloni kwetu, akakaa na manahodha mpaka jua likazama, akajibu kila alichoulizwa bila kuchoka na bila kubabaisha. Kamati ya ushirika ilikaa jana Jumanne ikaipitia karatasi yenu mstari kwa mstari.

Uamuzi wa kamati ni kwamba kwa bei na masharti yalivyo sasa, kotesheni hii hatutaikubali. Naomba msitutengee mzigo wala msiagize kutoka Dar es Salaam kwa ajili yetu, maana kijana wenu aligusia kwamba mlishaanza kuulizia stoo ya huko. Tusingependa muingie gharama kwa oda ambayo haipo. Kotesheni yenu inakwisha nguvu tarehe 15 Agosti, nasi tunaiacha ikwishe.

Mngeweza kupata barua ya mistari mitatu na habari ikaishia hapo. Ninaandika kwa urefu kwa sababu taa zenyewe zimetupendeza, na kamati imeniagiza niwaeleze palipokwama ili mkiona inafaa mtuletee karatasi nyingine.

Nianze na bei. Seti moja mmeiweka TSh 385,000, na kwa seti 32 ni TSh 12,320,000. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, ambayo ni TSh 2,217,600, pamoja na usafiri wa TSh 120,000 hadi Igombe, jumla inafika TSh 14,657,600. Kijana wenu alikuwa akituhesabia kwa bei isiyo na VAT. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa hilo halina shida, kwani kodi hiyo ataidai kwenye ritani yake. Ushirika wetu haujasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo ile milioni mbili na ushee ikitoka mfukoni kwetu imetoka moja kwa moja. Bei tunayoitazama sisi ni ile ya mwisho, baada ya kila kitu.

Mkutano wa wanachama ulipitisha kikomo cha TSh 11,200,000 kwa taa zote 32, yaani TSh 350,000 kwa seti ikiwa imeshaingia VAT na kufika mwaloni. Kamati haina ruhusa ya kuvuka hapo bila kurudi kwa wanachama. Wapo wajumbe waliosema nisiwatajie kiasi hiki. Nimewatajia kwa sababu pengo la TSh 3,457,600 si la kuombana punguzo la elfu kumi kumi kwenye simu. Ama seti ibadilike, ama malipo yabadilike, ama vyote viwili.

Kuhusu seti, tatizo kubwa ni betri. Mlituachia taa moja ya majaribio, nasi tuliifunga kwenye chelezo giza lililopita ikaenda ziwani na mtumbwi mmoja. Nahodha aliisifu kwa mambo mawili: mpira wa kuzuia maji ulikaa vizuri hata chelezo kilipopigwa na wimbi, na swichi ni kubwa, mtu anaiwasha na mkono uliojaa utelezi wa dagaa bila kuhangaika. Mwanga nao ulikusanya dagaa vizuri. Ila saa tisa usiku taa ikaanza kufifia, na saa kumi kasoro ikazima. Ninyi mnauza vifaa hivi na mnajua, lakini kwa mkuu wenu wa fedha atakayeisoma barua hii nitaeleza: taa ikififia kabla wavu haujazunguka, dagaa waliokusanyika tangu jioni hutawanyika, na usiku ule umekwenda na petroli yake.

Hesabu yake haina maajabu. Taa ni ya wati 10. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 10, kwa hiyo inahitaji wati-saa 100 kila usiku. Betri mliyoweka ni ya jeli, volti 12 na Ah 12, yaani wati-saa 144 ikiwa imejaa kabisa na ikiwa mpya. Betri ya aina hiyo ikikamuliwa kupita nusu kila siku inakufa mapema, na nusu yake ni wati-saa 72 tu. Sisi tungekuwa tunaipeleka karibu asilimia 70 kila usiku wa giza. Waranti yenu inabeba taa kwa miezi 12 lakini betri haimo. Wajumbe waliona, na mimi nawaunga mkono, kwamba kwa TSh 385,000 tungekuwa tumenunua taa nzuri na deni la betri mpya.

Tungefurahi kuona bei ya seti hiyohiyo ikiwa na betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ya Ah 12, ambayo hata ikitumika kwa asilimia 80 inatoa wati-saa 115 na usiku unakwisha salama. Kama lithiamu itapandisha bei kupita kiasi, tupeni ya jeli ya Ah 20. Ni nzito zaidi, tunajua, na itabidi chelezo kiwe kikubwa kidogo. Lakini kwa vyovyote betri iwe ndani ya waranti, walau miezi 6.

Sehemu ya kupunguza ipo, nayo ni paneli. Kotesheni ina paneli ya wati 30 kwa kila seti, jumla 32. Tuna mitumbwi 8, kila mmoja taa 4. Mitumbwi 5 inalala hapahapa Igombe na kila asubuhi inashusha mwaloni, na ghala letu lina umeme wa TANESCO pamoja na chaja. Taa hizo 20 hazihitaji paneli hata moja. Mitumbwi 3 ndiyo inayokwenda kukaa kambi visiwani upande wa Ukerewe, ambako jua ndilo la kutegemea. Kwa hiyo tunahitaji paneli 12. Kwenye karatasi yenu seti imeandikwa kwa bei moja ya jumla, hivyo hatuwezi kujua paneli 20 zikitoka zinapunguza kiasi gani. Mchanganuo wa taa, betri, paneli, chelezo na nyaya, kila kimoja na bei yake, ungetusaidia zaidi kuliko punguzo la jumla.

Malipo ndiyo yaliyozua maneno mengi zaidi kwenye kikao. Mmeomba asilimia 70 wakati wa kuagiza, ambayo ni TSh 10,260,320, na iliyobaki kabla ya mzigo kutoka dukani. Mwezi mpevu ni Jumamosi hii tarehe 9. Mitumbwi imeshapandishwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu, na fedha iliyopo kwa mwanachama ni ya kula. Hakuna tajiri wa mtumbwi atakayetoa mchango mkubwa kipindi cha mbalamwezi, hata akiwa na nia. Fedha yetu inaingia giza likianza, na inahesabika giza likiisha.

Tunachoweza ni hiki: asilimia 40 siku mzigo unapofika Igombe, ukiwa umekaguliwa na kila taa imewashwa mbele ya mtu wenu na wetu; asilimia 30 mwisho wa giza la kwanza baada ya hapo; na asilimia 30 mwisho wa giza la pili. Kila malipo yapitie benki na tupewe risiti ya EFD. Kama kukabidhi mzigo wote kabla ya kulipwa wote kunawapa wasiwasi, na mna haki ya kuwa nao kwa kuwa hatujawahi kufanya biashara pamoja, tuanze na seti 16. Tukimaliza kulipa hizo, mnaleta 16 nyingine kwa bei ileile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia nyepesi zaidi kwenu na kwetu, ingawa mwenyekiti bado anataka zote kwa mkupuo.

Usafiri wa TSh 120,000 hatuna ugomvi nao.

Tuna kotesheni nyingine mbili mezani. Sitawapa bei zake, kama ambavyo wao sitawapa yenu. Itoshe kusema kwamba kotesheni yenu siyo ya juu kuliko zote, na taa yenu ndiyo pekee iliyokwenda ziwani. Pia sitawaahidi kwamba mialo ya jirani itafuata kununua kwenu tukishanunua sisi. Hiyo ni ahadi ya kila mnunuzi anayetaka punguzo, na nadhani mmeshaizoea.

Mkutano wa wanachama utakaa Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, katika mbalamwezi ijayo, wakati manahodha wote wapo nchi kavu. Kotesheni mpya ikitufikia kabla ya Ijumaa tarehe 5 Septemba, nitaiingiza kwenye ajenda. Ikichelewa itasubiri mkutano wa Oktoba, endapo taa zitakuwa hazijanunuliwa kwingine. Hatuna dharura kwa sasa, taa za zamani bado zinasukuma, lakini wanachama wangependa jambo hili liwe limekwisha kabla ya mwaka kuisha.

Mkiona masharti haya hayawezekani, tuambieni tu, hatutachukulia vibaya. Duka nalo lina mtaji wake na waagizaji wake.

Taa ya majaribio ipo ghalani, imefutwa na imehifadhiwa, na chaja yake ipo. Kijana wenu anaweza kuichukua siku yoyote asubuhi. Kama mtapenda ibaki ili tuijaribu na betri nyingine giza hili linalokuja, leteni betri hiyo kabla ya tarehe 14, tutaifunga kwenye mtumbwi uleule na nahodha yuleyule, kisha tutawapa saa iliyozimika kwa maandishi. Ningependa sana iwe hivyo. Ikivuka saa kumi na moja alfajiri, nusu ya maswali ya wajumbe yatakuwa yamejibiwa kabla ya mkutano.

Mwisho, Nanenane inafungwa keshokutwa pale Nyamhongolo. Mwenyekiti na mimi tutakuwepo kuanzia saa nne asubuhi. Kama mna banda, tutapita kuwasalimu na kuziona hizo betri za lithiamu kwa macho. Hatutajadili bei pale.

Wenu katika biashara,

(Sahihi)

KATIBU
Kwa niaba ya Kamati ya Ushirika

Nakala: Mwenyekiti wa Ushirika
Mhazini wa Ushirika