Mimi ni nani, na mswada wako nimeupataje

Marahaba nimeipokea, mama, na swali lako ni la haki. Nilikosea kuanza kuzungumzia ukurasa wa kwanza kabla ya kujitambulisha, kana kwamba tunafahamiana.

Naitwa Rehema. Ni mhariri wa miswada ya Kiswahili, na kazi hii nina miaka 11 nayo. Nilianza nikiwa nimeajiriwa na mchapishaji, sasa najitegemea. Mswada wako nimeupata kwa kijana wako wa mwisho, aliyenitumia juzi usiku na kuniambia, "Mama ameandika mambo yake yote ya ukunga, ebu tazama kama panafaa kitu." Nilidhani umemtuma wewe. Kumbe hujui. Basi ujue na hili: hakuna mwingine niliyemwonyesha, na ukiniambia nifute, nafuta leo hii.

Ila sitakuficha kwamba nimeshausoma wote, kurasa 212, siku mbili mfululizo. Ndiyo maana nilikuandikia kwa pupa.

Ninachoweza kukufanyia ni kuuchukua mswada huu sentensi kwa sentensi, nikinyoosha pale msomaji atakapojikwaa, na nikiacha pale unaposikika wewe. Hilo la pili ndilo gumu. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa kumbukumbu za mzee mmoja nikazisafisha kiasi kwamba aliposoma alisema kwa upole, "Kizuri, lakini huyu si mimi." Sikulala vizuri siku kadhaa, na tangu siku hiyo sibadilishi neno kabla ya kujiuliza mwenye nalo alilichagua kwa nini.

Nikuonyeshe ninavyomaanisha. Ukurasa wa 17 umeandika: "Taa ikazimika, nikamwambia mwenzangu shika kibatari, tutazaa hivi hivi." Mhariri mwenye haraka atasema aliyezaa ni mmoja, aweke "atazaa". Mimi siigusi. Katika hiyo "tutazaa" mna watu watatu chumbani gizani, na hakuna aliyemwachia mwenzake uchungu wake. Nitaongeza alama za mtajo tu, ili ijulikane maneno yako yanapoanzia.

Lakini ukurasa wa 22 umeandika: "Nilimwambia mama yule amwambie mama yake kwamba mtoto wake yuko salama lakini amechoka." Nani amechoka? Mtoto, mzazi, au bibi wa mtoto? Lugha yetu ina "yake" na "wake" moja kwa kila mtu, kwa hiyo watu watatu wakikutana katika sentensi moja, msomaji anapotea. Nimesoma aya iliyofuata nikaelewa kwamba aliyechoka ni mzazi. Nitapendekeza: "Nikamwambia mzazi amweleze mama yake kwamba mtoto yu salama. Mwenyewe mzazi alikuwa hoi." Ukiona "hoi" si neno lako, tunatafuta jingine.

Kuna na kichanga. Mahali pengi umeandika "kichanga hiki kimelia", pengine "kichanga huyu amelia". Sarufi sanifu inataka kiumbe chenye uhai kichukue upatanisho wa watu, yaani "huyu amelia", na kitabu kizima nitakiweka hivyo. Isipokuwa sura ya 6. Yule aliyezaliwa na kilo 1 na gramu 200, uliyemwandika "kitoto hiki kikalia, sauti kama ya paka", namwacha na "ki" zake zote. Pale si kosa. Ni udogo wake, na ni jinsi ulivyompenda.

Jambo jingine ninalofanya ni kukagua tarakimu na mambo yanayogongana. Mimi si mkunga, wala sitajifanya. Ila jicho langu limezoea. Ukurasa wa 41 sindano ya oksitosini ni uniti 10; ukurasa wa 88 ni uniti 100. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uniti 10 kwa mama aliyejifungua, ili damu isimtoke kupita kiasi, kwa hiyo nadhani sifuri moja imeteleza wakati wa kuchapa. Hata hivyo sitaifuta kimya kimya. Nitaweka alama pembeni na kukuuliza, kwa kuwa kitabu kama hiki kitasomwa na mkunga kijana aliye peke yake zamu ya usiku, na sifuri ile inaweza kumfikia mgonjwa.

Vivyo hivyo kitovu. Ukurasa wa 63 kinafungwa "mara tu mtoto anapotoka", lakini sura ya 9 unasisitiza kisubiriwe angalau dakika 1. Naamini zote mbili ni kweli: ya kwanza ndivyo mlivyofundishwa zamani, ya pili ndivyo inavyoelekezwa sasa. Msomaji hajui hayo. Sentensi moja yako ya kusema utaratibu ulibadilika, na wewe ulijisikiaje kubadilika nao, itamaliza tatizo, na huenda ikawa miongoni mwa sentensi nzuri za sura hiyo.

Naweza pia kukupangia sura. Kwa maoni yangu sura ya 4, ile ya siku yako ya kwanza wodini, ndiyo ingefungua kitabu. Hii ya sasa ya historia ya mafunzo inaweza kungoja. Mwishoni nitakutengenezea orodha ya maana za maneno ya kikazi, kama kondo la nyuma na kiungamwana, maana wasomaji wengi wamezaa au wamezaliwa bila kuyajua. Nitaandika maneno ya jalada la nyuma. Na kitabu kikishapangwa kurasa, nitasoma prufu, yaani nakala ya kukagua makosa kabla ya kupigwa chapa. Kuchora, kupiga chapa na kuuza sifanyi.

Kuna moja nisiloweza kuliamua bila wewe, nalo linanisumbua kuliko yote. Umewataja wazazi kwa majina yao kamili, hata yule wa sura ya 11 aliyempoteza mtoto na hakutaka mumewe ajue ilikuwa mimba ya pili kuharibika. Siri hiyo alikupa wewe ukiwa mkunga wake. Naomba tubadilishe majina, na pale penye alama za kumtambulisha mtu, kama kazi ya mumewe au jeraha alilokuwa nalo, tuzifiche. Kama wapo unaoweza kuwafikia wakakubali wenyewe, hao tutawaacha kama walivyo.

Nikianza, nakwenda kurasa 10 kwa siku, na kila Ijumaa nakutumia nilizomaliza. Mabadiliko yote yataonekana kwa rangi, maneno yako ya awali yakiwa bado yapo, ili uweze kukataa lolote. Kama kusoma kwenye simu kunakuchosha macho, nitakupigia nikusomee kwa sauti. Waandishi wangu wawili tunafanya hivyo, na makosa mengi tumeyakamata kwa sikio.

Zungumza kwanza na kijana wako, na usimgombeze sana. Kisha niambie kama niendelee au nifute. Ukisema niendelee, nitaanza na ule ukurasa wa 88.

Mwanao,
Rehema